Mkwawa kwa Mwandiko wa Adui

Mara ya kwanza nilipomtafuta Mtwa Mkwawa katika nyaraka za Kijerumani, niliandika jina lake kwenye sanduku la kutafutia, nikabonyeza, nikasubiri. Nilitegemea rundo la majalada. Huyu ndiye mtu aliyewaweka Wajerumani roho juu tangu mwaka 1891 hadi 1898, aliyewatandika pale Lugalo mpaka habari zikafika Berlin. Lakini kilichonijia mbele hakikufanana hata kidogo na ukubwa wa jina lenyewe. Nikafunga kompyuta nikijiambia kwamba basi, karatasi zimeungua vitani.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namtafuta Mkwawa, na Wajerumani hawakufungua jalada la Mkwawa. Walifungua majalada ya shughuli zao wenyewe: safari za kijeshi, vituo vya ndani, fedha, mipaka, misheni. Ofisi hupanga karatasi kwa kazi iliyozizalisha, haipangi kwa kumfikiria mjukuu wa Mhehe atakayekuja kuuliza habari za babu yake miaka 130 baadaye. Kwa hiyo anayemtafuta Mkwawa sharti ajiulize kwanza: ni Mjerumani gani aliyekuwa na sababu ya kumwandika, akiwa wapi, mwaka gani, na barua yake ilipelekwa kwa nani?

Ukishauliza hivyo, njia inaanza kuonekana. Ofisa aliyekuwa Iringa aliandika ripoti kwa gavana Dar es Salaam. Gavana aliisoma, akaweka nakala, akaandika barua yake na kuipeleka Berlin kwa meli. Huko ilipokelewa na Idara ya Makoloni iliyokuwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, idara ambayo mwaka 1907 iligeuzwa kuwa wizara kamili, Reichskolonialamt. Karatasi za wizara hiyo ndizo zinazotunzwa leo Berlin, mtaa wa Lichterfelde, chini ya alama R 1001. Nakala zilizobaki Dar es Salaam zina kisa chake: mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakisonga, Wajerumani waliyahamishia majalada yao bara na mengine wakayafukia ardhini. Yaliyofukuliwa na kunusurika yako kwenye Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam, katika fungu linaloanza na herufi G. Jambo moja, basi, linaweza kuwa na karatasi mbili katika miji miwili, na mara nyingi hazilingani.

Kuna na fungu la tatu, ambalo halipo tena. Kumbukumbu za jeshi la Kijerumani zilikuwa Potsdam, na mwezi Aprili 1945 jengo lilipigwa mabomu likateketea na sehemu kubwa ya vilivyomo. Ndiyo maana ukitafuta jalada la utumishi la ofisa fulani wa jeshi la koloni, au kumbukumbu za ndani za kikosi chake, mara nyingi unagonga mwamba. Usipoteze miezi ukitafuta kilichoungua. Ripoti za maofisa hao zilizobaki ni zile zilizokuwa zimetumwa upande wa kiraia.

Sasa rudi kwenye kompyuta. Mtambo wa kutafutia unaitwa invenio, hautozi kitu, na sehemu kubwa ya R 1001 imepigwa picha, kwa hiyo mtu wa Mafinga anaweza kulisoma jalada bila kupanda ndege. Acha jina la shujaa. Andika Uhehe. Andika Iringa. Andika Zelewski, jina la kamanda aliyeuawa Lugalo. Andika Schele, gavana aliyeishambulia Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Andika Prince, yule Tom von Prince aliyejenga kituo cha Iringa mwaka 1896. Halafu andika Quawa. Hivyo ndivyo Wajerumani wengi walivyoliandika jina la Mtwa, na asiyejua hilo anaweza kupita mlangoni kwake mara kumi bila kubisha hodi.

Tahajia ni shughuli peke yake, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nguvu asiyokuwa nayo profesa wa Berlin. Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao. Sauti yetu ya sh kwao ni sch, ya ch ni tsch, ya j ni dsch, na y yetu wanaiandika j. Ndiyo sababu Moshi ikawa Moschi, Bagamoyo ikawa Bagamojo, na Wachagga wakawa Wadschagga. Tena masikio yao hayakushika tofauti ya r na l kama wenyeji walivyoitamka, kwa hiyo Lugalo utaikuta imeandikwa Rugaro, pengine Lula-Rugaro. Njia nzuri ni kulisoma neno kwa sauti, polepole, kama Mjerumani anavyolisoma, kisha usikilize mdomo wako umesema nini.

Chukua neno Kuirenga. Katika ripoti za 1894 hilo ndilo jina la mji wa Mkwawa uliovamiwa. Ukitafuta Kuirenga kwenye ramani ya leo hutaipata. Msome Mhehe neno hilo atacheka: lilinga kwa Kihehe ni ngome, na ku ni kule kuonyesha mahali. Yaelekea Mjerumani aliuliza wanaelekea wapi, akajibiwa "ngomeni", naye akaandika jina la mji. Mahali penyewe ni Kalenga. Hapo pana mtego mwingine. Iringa ya kabla ya 1896 katika ripoti hizo ni hiyohiyo ngome ya Kalenga, na Iringa ya baadaye ni kituo kipya cha Prince kilimani, ndio mji wa leo. Baadhi ya ramani zao zinatofautisha Iringa ya zamani na mpya, lakini ripoti nyingi hazijisumbui. Asiyeangalia tarehe atawapigisha watu vita katika mji ambao ulikuwa haujajengwa.

Ukishalipata jalada na kulifungua, unakutana na mwandiko. Makarani wa Kijerumani wa wakati ule walifundishwa shuleni mwandiko uitwao Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Herufi e ni vijistari viwili vilivyosimama karibu, imefanana na n. Herufi u inafanana nayo vilevile, isipokuwa imevishwa kikoleo juu. Herufi h ina kitanzi juu na kitanzi chini. S ya katikati ya neno ni fimbo ndefu. Neno Uhehe likiandikwa kwa mwandiko huo, mgeni ataapa kwamba ni msitu wa vitanzi.

Lakini usikate tamaa. Makarani hao walikuwa na desturi ya kuyaandika majina na maneno ya kigeni kwa herufi za Kilatini, hizi tunazozitumia sisi, hata kama ukurasa mzima ni Kurrent. Desturi hiyo haikufuatwa daima, ila ilifuatwa kiasi cha kutosha. Pitisha jicho kwenye ukurasa usioweza kuusoma, na ghafla linachomoza jina unalolijua: Mpangile, Kilosa, Uhehe. Mahali hapo unaweka alama, na hapo ndipo unapoanzia. Majina hayohayo ndiyo ufunguo wako wa mwandiko wa karani huyo, kwa sababu kila karani ana mkono wake. Tengeneza karatasi yako ya herufi: alivyoandika d, alivyoandika k, alivyofunga neno. Ukurasa wa kwanza utakula siku nzima. Wa kumi utakula saa moja.

Liko neno moja ninalolitafuta kabla ya yote: Schauri. Ndilo shauri letu, na maofisa wa Kijerumani waliliingiza katika lugha yao ya kazi pamoja na boma, askari, safari, posho na pombe. Penye Schauri palikuwa na kikao, na penye kikao Waafrika walisema. Ni sehemu chache ndani ya majalada hayo ambako maneno ya wenyeji yanapenya. Yanapenya yakiwa yamechujwa, lazima ukumbuke: mzee alisema Kihehe, mkalimani akakigeuza Kiswahili, ofisa mwenye Kiswahili cha kambini akakigeuza Kijerumani, na akakiandika jioni akiwa amechoka. Ukikuta katika ripoti mjumbe wa Mkwawa ameahidi "utii", simama. Neno la Kijerumani la utii lina uzito wa kijeshi. Mjumbe angeweza kuwa amesema amani, au heshima, au kwamba tutaendelea kuzungumza. Kijerumani peke yake hakitakuambia ni lipi. Kitakachokusaidia ni kuangalia nini kilitendeka wiki zilizofuata.

Tuingie Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, kilivamiwa kikiwa safarini, kimejipanga mstari mrefu njiani. Wazungu 10 waliuawa, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na askari na wapagazi wengi. Maelezo ya msingi ya Kijerumani yanatoka kwa luteni aitwaye Tettenborn, na ripoti yake ilichapishwa mwaka huohuo katika gazeti rasmi la makoloni, Deutsches Kolonialblatt. Kwa kuwa imechapishwa, si mwandiko, ndiyo inayonukuliwa na kila mtu. Na kwa kuwa inanukuliwa na kila mtu, inaonekana kama ndiyo Lugalo yenyewe.

Lakini uliza swali dogo: Tettenborn alikuwa amesimama wapi? Alikuwa nyuma, akiongoza kundi la mkiani. Ndiyo maana aliishi. Mapigano makali yalitokea mbele yake, na yakamalizika upesi. Aliyoyaona kwa macho yake ni vumbi, watu wanaokimbilia nyuma, majeruhi, na baadaye maiti. Namna Zelewski alivyouawa, nani alipiga kwanza, Wahehe walikuwa wangapi: hayo yote aliyapata kwa kuambiwa na walionusurika, au kwa kukisia. Chukua kalamu mbili. Kwa rangi moja pigia mstari kila sentensi ambayo mwandishi angeweza kuiona mwenyewe, na kwa rangi ya pili kila aliyoisikia. Ukurasa utabadilika sura mbele yako. Sehemu za vita zenyewe, zile zinazopendwa na waandishi wa vitabu, karibu zote zitakuwa za rangi ya pili.

Swali la pili: alikuwa anamwandikia nani, na alihitaji nini? Alikuwa ofisa kijana aliyerudi hai kutoka kwenye maafa ambayo mkuu wake amefia. Lazima aeleze kwa nini kikosi chenye bunduki za kisasa na mizinga kimefyekwa na watu wenye mikuki. Mkuu amekufa na hawezi kujibu. Simsemi kwamba alidanganya. Nasema kila sentensi yake kuhusu uzembe au ujasiri wa marehemu, na kila tarakimu ya wingi wa adui, inabeba mzigo huo. Wingi wa adui humsaidia aliyeshindwa. Idadi ya adui waliouawa humsaidia pia, na ni nadra kuihesabu ukiwa unarudi nyuma.

Katika maandishi ya Kijerumani imo na hadithi kwamba ofisa mmoja alimpiga ndege risasi njiani, na Wahehe waliojificha wakaudhani mlio huo ni ishara yao ya kushambulia. Nimeiona ikirudiwa na waandishi kadhaa bila kuulizwa. Hebu iulize. Nani alijua kwamba Wahehe waliudhani mlio ule ni ishara? Si Mjerumani, maana hakuwa kichakani. Basi ama habari ilitoka kwa Wahehe baadaye, na tungependa kujua kwa nani na lini, au ni maelezo yaliyobuniwa na watu wanaotafuta sababu. Tena angalia kazi inayofanywa na hadithi hiyo: inaligeuza shambulio lililopangwa kuwa ajali. Kwa upande wa pili, simulizi za Wahehe zinasema Nyundo alichomwa mkuki na kijana. Nazo zina wenyewe, zina ukoo unaopata sifa, nazo zinastahili kuulizwa hivyohivyo. Mzee wa Kihehe mwenye heshima zake hatachukia kuulizwa alisikia kwa nani. Atakutajia: kwa baba, naye kwa baba yake, aliyekuwapo. Makarani wa Berlin hawakuwa na adabu ya kutaja mnyororo huo.

Ripoti iliyochapishwa ina kasoro moja zaidi. Gazeti rasmi lilichapisha kilichofaa kusomwa na wabunge na wafadhili wa koloni. Kwa hiyo, kila inapowezekana, linganisha chapa na hati ya asili katika jalada, mstari kwa mstari. Angalia pembeni pia. Makarani na wakuu wa Berlin waliandika kwa penseli kwenye ukingo wa karatasi: alama ya kuuliza, mstari mzito, neno moja la hasira, agizo kwamba sentensi fulani isitolewe. Mara nyingi ukingo una ukweli kuliko ukurasa. Na usiridhike na barua moja. Geuza kurasa mbele na nyuma, kwa sababu jibu limeshonwa karibu yake. Barua bila jibu ni nusu ya mazungumzo.

Angalia tarehe zote tatu: ya kuandikwa, ya kupokelewa Dar es Salaam, ya muhuri wa Berlin. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinapita wiki nyingi. Maana yake ni kwamba agizo lililoandikwa Berlin lilikuwa linajibu hali iliyokwisha kupita, na ofisa wa Iringa mara nyingi alikuwa amekwisha kutenda anachoombea ruhusa.

Sasa kifo cha Mtwa, kwa sababu hapa ndipo karatasi zinapokamatana shingo.

Mwaka 1898 Mkwawa alikuwa akisakwa porini, na kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai kikosi kilichoongozwa na sajenti mkuu Merkl kilimfikia. Maelezo ya Kijerumani yanakwenda hivi: walimkamata kijana aliyekuwa mfuasi wa Mkwawa, akawaongoza; wakasikia mlio wa bunduki; wakasogea, wakaona watu wawili wamelala; Merkl akafyatua risasi kuelekea kichwani. Walipowafikia waliwakuta wamekwisha kufa, mwili umepoa. Mkwawa alikuwa amejiua. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa Iringa kwa Prince.

Soma tena, safari hii ukiwa na rupia 5,000 kichwani. Zawadi ile ndiyo iliyofanya kichwa kihitajike: ilikuwa lazima kuthibitisha. Mwandishi wa habari hiyo alikuwa na faida ya kuwa ndiye aliyempata. Hata hivyo amekiri jambo linalompunguzia sifa, kwamba alimpiga risasi maiti. Maungamo ya namna hiyo nayapa uzito mkubwa kuliko majigambo, maana hakuna aliyemlazimisha. Shahidi mwingine aliyekuwapo, yule kijana, hakuachiwa nafasi ya kusema kwa maneno yake. Alikuwa mateka. Alichosema kimefika kwetu kupitia kwa mtu mwenye bunduki.

Shahidi wa pembeni yupo: Magdalene von Prince, mke wa kamanda, aliyeishi Iringa siku hizo na kutoa kitabu cha maisha yake huko mwaka 1903. Kitabu cha bibi huyo kina mambo ambayo ripoti ya jeshi haina, mambo ya nyumbani, ya jikoni, ya nani alikuja barazani. Lakini alikiandaa kwa wasomaji wa Ujerumani baada ya ushindi, akijua mwisho wa hadithi. Shajara iliyoandikwa siku ileile na kitabu kilichoandaliwa kwa chapa si kitu kimoja, hata kama vyote vina tarehe juu.

Na kwa Kiswahili? Ndiyo, kipo. Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandishi ya watu wa pwani, alichapisha tenzi zilizotungwa na Waswahili kuhusu vita hivi, mojawapo ikiwa "Kufa kwa Mkwawa" ya Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi. Tenzi za wakati huo zilikusanywa upya katika kitabu cha Kala Shairi, mwaka 2002. Msomaji wetu anaweza kuzirukia akidhani hatimaye amepata sauti ya kwetu. Taratibu. Mtunzi wa pwani alikuwa mtu wa upande wa serikali, au angalau mtu aliyejua mkusanyaji ni nani na angependa kusikia nini. Kwake yeye Mhehe alikuwa mshenzi wa bara kama alivyokuwa kwa Mjerumani. Lugha ni yetu, jicho si la Mkwawa.

Kisha kichwa kikapotea katika karatasi. Miaka 20 baadaye, Novemba 1918, Horace Byatt, aliyekuwa akiitawala nchi kwa niaba ya Waingereza, aliiandikia London akipendekeza fuvu la Mkwawa lidaiwe Ujerumani. Barua za serikali ya Kiingereza za Tanganyika ziko Kew, London, katika fungu CO 691. Pendekezo likasafiri hadi likaingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kifungu hichohicho kinachodai Kurani ya Khalifa Othmani irudishwe. Kifungu kinasema fuvu la Sultani Mkwawa liliondolewa Afrika Mashariki na kupelekwa Ujerumani, na kwamba likabidhiwe ndani ya miezi sita. Wajerumani wakajibu kwamba hawana habari nalo.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanauona mkataba, wenye sahihi za wakuu wa dunia, wanasema: ushahidi ndio huu, fuvu lilipelekwa Ujerumani. Lakini mkataba ni dai. Hakuna hata mmoja wa waliotia sahihi aliyeliona fuvu. Ufuatilie mnyororo kinyumenyume, kutoka mkataba hadi London, kutoka London hadi kwa Byatt, na kwa Byatt uulize alilipata wapi. Kinachobaki mkononi ni habari iliyovuma nchini. Huenda ilikuwa kweli. Ila muhuri mkubwa haukuiongezea ukweli hata kidogo. Mwanahistoria anapima karatasi kwa ukaribu wake na tukio, hapimi kwa ukubwa wa mtu aliyeitia sahihi. Sajenti Merkl, kwa habari ya kichwa hiki, ni shahidi mkubwa kuliko mawaziri wote waliokaa Versailles.

Mwaka 1953 gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, penye mkusanyiko wa mafuvu. Alikuwa amepata vipimo vya vichwa vya ndugu za Mkwawa, akatafuta fuvu lenye vipimo vinavyofanana, akapata moja lenye tundu la risasi. Akalichagua hilo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu, na hadi leo limewekwa Kalenga.

Je, ndilo? Vipimo vya kichwa havimtambulishi mtu mmoja. Watu maelfu wanaweza kuwa na uwiano uleule wa urefu na upana. Tundu la risasi lina maana kubwa zaidi, lakini katika mkusanyiko uliotokana na vita vya koloni, matundu ya risasi hayawezi kuwa ajabu. Kilichokosekana ni karatasi: daftari la mapokezi linaloonyesha kichwa kimetoka Iringa, kimepita bandari gani, kimepokelewa na nani, lini. Wanahistoria waliofuatilia mnyororo huo wamebaki na shaka, na mimi niko pamoja nao. Tena Twining alikuwa na haja yake ya kisiasa mwaka ule, Mau Mau ikiwaka Kenya, kuonekana mtawala anayewarudishia watu heshima yao. Jalada lake nalo linasomwa kwa kalamu mbili, kama la Tettenborn. Kwamba aliyefanya jambo jema aliandika kwa Kiingereza na si kwa Kijerumani hakumtoi katika foleni ya mashahidi wanaohojiwa.

Nimeulizwa kama kusema hivyo si kuwavunjia heshima wana Kalenga. Sioni hivyo. Heshima ya mahali pale haikuletwa na vipimo vya Twining. Ilikuwapo watu walipokuja kulia mbele ya fuvu, na ingekuwapo bila fuvu.

Kwa anayetaka kuanza, kuna jambo moja la kufanya kabla ya Kurrent na kabla ya invenio, na ninawaomba hasa vijana wa Iringa, Kilolo na Mufindi. Kaeni na wazee mwandike majina ya vilima, mito, makaburi na njia za zamani jinsi yanavyotamkwa na wenyeji, pamoja na mahali yalipo na jina la aliyewaambia. Katika majalada ya R 1001 yamo mamia ya majina ya mahali yaliyoharibiwa tahajia, na kwa sasa hakuna ofisi yoyote Berlin inayoweza kusema ni wapi. Wazee wanaoweza wana miaka 80 na zaidi.